Mayai ya 5,880.21

Kazi yangu ni kusafisha bei. Kabla hujacheka, jua kwamba ndugu zangu wote wameshacheka kwa niaba yako. Mjomba huniuliza natumia sabuni ya unga au ya mche. Shemeji, mume wa dada yangu, alininunulia dekio siku ya kuzaliwa kwangu, akalifunga na utepe, na watu wakashika mbavu. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alilipokea dekio, akalikagua mpini, akasema litamfaa kwake.

Ofisi yetu hukusanya bei kwenye tovuti za maduka. Kila asubuhi programu hupita ukurasa kwa ukurasa, huchota chochote kilichoandikwa mahali pa bei, kisha huja kutumwagia mezani. Shida ni kwamba watu hawaandiki bei, wanaandika walivyoamka. Huyu anaandika 9,800/=. Yule anaandika 9.800, na hiyo nukta yake ni ya kutenga elfu, haina uhusiano wowote na senti. Mwingine anakupigia kelele: SHS 9800 TU!!! Mwingine 10k. Mwingine anauza "3 kwa 2,000", na kugawanya ni juu yako. Kuna duka linaloweka bei ya zamani iliyokatwa mstari na bei mpya pembeni yake. Programu inabeba zote mbili na kuuacha mstari, unaletewa 12,0009,500 kama namba ya akaunti. Na kuna wale wa "Piga simu", halafu hapohapo wanaweka namba ya simu. Usipokuwa macho, utatangazia taifa kwamba mfuko wa unga umefika milioni mia saba.

Kompyuta haijumlishi makelele. Inataka 9800, basi, uchi kama ilivyozaliwa.

Kwa hiyo niliandika kanuni zangu, mistari kama mia mbili, kila duka na tabia yake. Kwanza toa jina la sarafu na vikorombwezo vyake vyote. Kisha tazama duka hili hutumia koma kufanya nini na nukta kufanya nini. Kukiwa na bei mbili, chukua ile isiyokatwa. Pakiandikwa "Piga simu", acha pengo, usiweke sifuri, maana sifuri nayo ni bei, tena bei ya bure. Na mwisho kabisa niliweka breki: bei yoyote iliyoshuka au kupanda kupita nusu ya ilivyokuwa mwezi uliopita inasimama, inamsubiri binadamu aitazame. Hazikuwa kanuni za kupendeza. Zilifanana na jiko la mtu anayepika kweli, kila kitu kimetundikwa ukutani na vingine vina masizi.

Mkurugenzi wetu aliwahi kuwa mtu wa programu enzi zake, na hajapona. Siku moja alivuta kiti mezani kwangu, akaanza kusoma kanuni zangu huku akiguna kama daktari anayetafuta namna ya kukwambia.

"Dada, hii ni nini?"

"Kanuni za kusafisha, bosi."

"Mistari mia mbili? Unaandika riwaya?"

"Maduka ni mengi, na kila moja lina wazimu wake."

"Hapana. Wazimu ni wako." Akazungusha kibodi upande wake. "Ngoja nikuonyeshe."

Akaandika mstari mmoja. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: futa kila kisicho tarakimu wala nukta. Koma zinaondoka, /= inaondoka, TU!!! inaondoka na kelele zake. Nukta inabaki kwa ajili ya senti. Akaujaribu kwa bei kumi alizoandika yeye mwenyewe, na zote, kwa mshangao wa wote waliokuwapo, zikatoka safi. Nikamwambia duka la 9.800 sasa litasomeka tisa nukta nane. Akasema tuliondoe, halina nidhamu. Nikamwonyesha la bei mbili zilizogandana. Akaliondoa nalo. Tuliendelea hivyo hadi tukabaki na maduka sita tu, yote yenye heshima zake, na mistari yangu mia mbili ikafutwa mbele ya macho yangu. Breki nayo ikaenda. "Breki za nini," alisema, "kwenye barabara nzuri hivi?"

Tangu siku hiyo tukamwita Mstari Mmoja. Jina lilimfikia na akalipenda. Alichapisha vikombe vya ofisi vyenye maandishi ya buluu, FUTA KILA KISICHO TARAKIMU WALA NUKTA, akamgawia kila mtu. Mimi nilipewa viwili, nadhani kama rambirambi.

Miezi michache mambo yalikwenda salama, nami nikaanza kujiona mchawi niliyemwombea mtu mabaya bure. Kisha tajiri mmoja, mwenye matatu kati ya yale maduka sita, akapaka tovuti zake rangi mpya. Zamani aliandika Sh 9,500. Sasa fundi wake, mtu msafi wa uandishi, akaandika Sh. 9,500, kwa kuwa neno lililokatwa huwekewa nukta. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeiona nukta hiyo. Mstari mmoja wa Mkurugenzi uliiona, ukaipenda, ukaibakiza. Ukafuta S, ukafuta h, ukafuta nafasi, ukafuta koma. Kilichobaki ni .9500, yaani sifuri nukta tisini na tano. Trei nzima ya mayai, mayai thelathini, kwa bei isiyofika hata shilingi moja.

Duka lake la pili liliuza trei ileile kwa Sh. 10,200. Ikawa .10200, sifuri nukta moja sifuri mbili. Maana yake lililokuwa ghali zaidi mjini likageuka kuwa la bei poa kuliko yote. La tatu, ambalo huandika na senti zake, Sh. 9,700.00, lilibaki na nukta mbili, na namba yenye nukta mbili si namba. Kompyuta ikalitupa nje kimyakimya, haikumwambia mtu.

Maduka matatu ya matajiri wengine hayakuguswa: 9,600, 9,800, 10,000. Jumlisha zote tano, gawanya kwa tano. Mwezi huo taarifa yetu ilitangaza kwamba wastani wa bei ya trei ya mayai ni 5,880.21, kutoka karibu elfu kumi. Mchele ulianguka vilevile, na mafuta, na sabuni. Kwa jumla, gharama za maisha zilikuwa zimeshuka kwa asilimia arobaini ndani ya mwezi mmoja, na hakuna mtu aliyekuwa amegundua isipokuwa sisi.

Zile senti ishirini na moja ndizo zilizoniudhi kupita vyote. Uongo wa mviringo unaweza kuuhisi. Uongo wenye senti unaonekana umesoma.

Nilitegemea Mkurugenzi atashtuka. Aliagiza keki. Mteja wetu mkubwa ni Mfuko wa Pensheni, ambao kila mwaka huangalia taarifa yetu, bei zikipanda unawaongeza wastaafu, zikishuka unawapunguza, ingawa tangu dunia iumbwe hazijawahi kushuka. Safari hii mkuu wa Mfuko alikwenda redioni kueleza jinsi alivyozishusha. Keki ilikatwa. Nilitamani kumuuliza aliyeioka alinunua mayai wapi.

Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi na karatasi yangu.

"Bosi, tazama hapa. Sifuri nukta tisini na tano. Hii si bei, ni nukta ya Sh. imebaki mbele ya namba."

Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliielewa papo hapo, na hilo ndilo sitamsamehe. Nilimwona usoni inavyomwingia.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Vizuri." Akaigeuza karatasi kifudifudi. "Kosa ni neno zito, dada. Tuseme ni changamoto."

"Trei ya mayai kwa senti?"

"Soko huria lina mambo yake."

"Bosi!"

"Sikiliza. Mkuu wa Mfuko ameshaongea redioni. Unataka nimpigie nimwambie kwamba mafanikio yake ni nukta? Tutarekebisha, lakini taratibu. Mwakani."

"Na wastaafu?"

"Wastaafu wana uzoefu wa maisha," alisema, na akanikumbusha kwa upole wa baba mlezi kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na kwamba anapenda watu wenye fikra chanya.

Nilitoka. Ningependa kusema niliubamiza mlango. Niliufunga vizuri, kwa sababu kodi ya chumba changu nailipa mimi.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Mama ni sajini mstaafu wa magereza. Ni mfupi, sauti yake inafika kabla yake, na hadi leo hawezi kulala bila kuhesabu madirisha. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kibaraza, na funguo zake huzivaa kiunoni kwa kamba, funguo mbili tu lakini anazitembeza kama za gereza zima. Nusu ya ukoo imeshamwomba ahamie kwao. Jibu lake ni moja: nimewafungia watu milango miaka thelathini, niacheni niufungue wangu.

Nilimkuta amekaa kitandani, simu mkononi, miwani imeshuka puani.

"Nisomee hii," alisema. "Labda macho yangu yameanza utovu wa nidhamu."

Nikasoma. Ndugu mstaafu, kufuatia kushuka kwa gharama za maisha, malipo yako yatapungua kwa asilimia arobaini kuanzia mwezi ujao. Tunakupongeza kwa kuishi katika kipindi hiki cha unafuu.

Mama aliichukua simu yake, akaizima, akaiweka chini ya mto.

"Nimeshapiga hesabu," alisema. "Nikilipa kodi, sibaki na dawa ya presha. Nikinunua dawa, sibaki na nyumba. Kwa hiyo nitakuja kwako."

"Karibu, mama, wewe tena? Nyumba ni yako."

"Chumba kimoja."

"Tutabanana."

"Nitalala wapi?"

"Kitandani. Mimi nitatandika chini."

Akaanza kuzizungusha zile funguo mbili kwenye kamba, na mama yangu, ambaye wafungwa walikuwa wakinyamaza akikohoa tu, alikuwa analia. Hakutoa sauti. Machozi yalishuka tu, naye akayaacha yashuke kama vile ni ya mtu mwingine. Basi nikamwambia yote: nukta, mstari mmoja, vikombe, keki.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akapangusa uso kwa upindo wa khanga.

"Kwa hiyo mayai hayajashuka."

"Hayajashuka, mama."

"Na bosi wako anajua."

"Anajua."

"Na ukisema, unafukuzwa."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi usiseme. Mtu mwenye kodi hasemi." Akasimama, na sauti ikarudi kazini. "Hiyo taarifa yenu, ni siri?"

"Hapana. Iko kwenye tovuti, mtu yeyote anaweza kuisoma."

"Nichapie nakala. Herufi kubwa, tumezeeka. Na ile bei ya mayai usiiguse, hata senti."

Sikumuuliza anataka kufanya nini. Ukimuuliza mama swali kama hilo anakujibu, halafu unakuwa shahidi.

Jumatatu, saa nne za asubuhi, dada wa mapokezi alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeona nyuki.

"Kuna wazee huku chini."

"Wangapi?"

"Wamejipanga wawili wawili hadi barabarani. Kila mmoja ana kikapu."

Nilichungulia dirishani. Mbele alisimama mama, kavaa viatu vyake vya gwaride. Pembeni yake alikuwa fundi bomba mstaafu, mwenyekiti wa chama chao, mtu mrefu aliyepinda kidogo kama mabomba aliyoyahudumia. Nyuma yao walimu, wauguzi, madereva, makarani, wote wastaafu, wote wametulia, wote na vikapu. Hapakuwa na bango wala kelele. Ingekuwa ghasia, Mkurugenzi angeita walinzi na mambo yakaisha. Lakini utawaitia walinzi vipi wazee waliokuja kukusalimia?

Ikabidi ashuke. Nami nikashuka nyuma yake, na kikombe changu mkononi, maana nilisahau kukiweka.

"Shikamooni wazee wangu," alisema.

"Marahaba, mwanangu," walimjibu wote pamoja, na ukumbi ukatikisika.

Mwenyekiti akavua kofia. "Tumekuja kukupongeza, mwanetu. Tumesoma taarifa yenu. Kwa kweli mmefanya kazi kubwa."

Mkurugenzi akatabasamu, bado hajui amekanyaga wapi. "Asanteni sana, wazee. Ndiyo majukumu yetu."

"Sasa tuna shida moja ndogo," mwenyekiti akaendelea. "Sisi ni wazee, miguu mibovu, hatulijui hilo duka. Tumezunguka Jumapili nzima hatujaliona. Mayai ya 5,880.21."

"Na mchele," akasema muuguzi mmoja.

"Na sabuni," akasema mwingine.

"Tukasema," mama akadakia, akinitazama kama asiyenijua, "aliyeiandika bei ndiye anayelijua duka. Tupeleke, mwanangu. Tutakufuata taratibu."

Nilimwona Mkurugenzi akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alianza kueleza. Alisema ule ni wastani. Alisema wastani si bei ya duka fulani, wazee wangu, ni kama kusema familia ina watoto wawili na nusu.

"Tunaelewa," alisema mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mama mnene mwenye sauti laini. "Wastani ukiwa 5,880, basi kuna wanaouza juu yake na wanaouza chini yake. Wa juu tumewaona, wote. Tuonyeshe hata mmoja wa chini."

Mkurugenzi alikuwa anajua wa chini ni wepi: yalikuwa maduka mawili ya tajiri yuleyule, na moja lilikuwa ng'ambo ya barabara, lenye maandishi mekundu, unaliona ukiwa hapo mapokezi. Alijaribu kusema ana kikao. Mama akamwambia watamsubiri, na wazee wote, kwa utii wa ajabu, wakaanza kukaa sakafuni, mmoja baada ya mwingine, huku wakishikana mikono na kuugulia magoti. Hakuna mtu aliyelelewa na mama yake anayeweza kuvumilia kuona vile. Mkurugenzi akasema, "Hapana, hapana, simameni wazee wangu, twendeni." Nadhani hadi pale alitumaini kwamba njiani kitatokea kitu.

Tulivuka barabara, gwaride kamili, magari yakasimama. Ndani ya duka mama alimwongoza moja kwa moja hadi rafu ya mayai, na pale, kwenye kikaratasi cha njano, imeandikwa vizuri na nukta yake: Sh. 9,500.

"Soma, mwanangu," mama alisema. "Macho yangu mabovu."

Mkurugenzi akasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti. Na wa nyuma wasikie."

"Elfu tisa na mia tano."

"Kwenye kompyuta yenu ni ngapi?"

Alinigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja, na aliyevunja ni yeye, na wote mnajua. Nami, sijui ni kichaa gani kilinipanda, labda ni kwa kuwa niliwaza mama akilala kitandani kwangu akiuangalia mlango usio wake, nikasema mbele ya wote, "Sifuri nukta tisini na tano, bosi."

Wazee waliguna. Keshia, msichana mwenye kalamu sikioni, akacheka hadi akashika mashine yake ya risiti.

"Basi leo tutakuwa na huruma," mama alisema. "Hatutaki ya senti, biashara ya watu itakufa. Tunataka ya taarifa." Akafungua kibindo, akatoa noti na sarafu alizokwishazihesabu nyumbani, akazipanga kwenye kaunta. "Elfu tano mia nane na themanini. Senti ishirini na moja sina, sijaziona tangu niajiriwe. Hizo utanisamehe."

"Bibi, bado," alisema keshia.

"Najua, mjukuu wangu. Iliyobaki anayo huyu aliyeandika."

Nyuma yake mwenyekiti alishaweka trei yake, na mwalimu, na muuguzi, na foleni ikageuka kona hadi kwenye friji za maziwa. Kila mmoja na noti zake, 5,880, na kila mmoja akiomba radhi kwa senti ishirini na moja. Mkurugenzi alitoa pochi. Alilipa tofauti ya trei ya kwanza, ya pili, ya tatu, jasho linamtoka katikati ya ubaridi wa duka. Pochi ilipoishiwa akatoa simu akaanza kulipa kwa simu. Ilipofika zamu ya mwalimu wa hesabu, mwalimu alimwambia kwa ile sauti yake laini, "Hii ni siku moja, na ni mayai tu. Sisi tumeambiwa tulipe hiyo tofauti kila mwezi, kwa kila kitu."

Akaacha kubonyeza simu.

Nilijua hapo kwamba imemwingia, safari hii hadi ndani. Akaomba kiti. Keshia akampa kreti la soda, akakaa, trei ya mayai mapajani, tai imepinda.

"Zile kanuni zako," aliniambia. "Mia mbili. Ulizifuta?"

"Ulizifuta wewe, bosi."

"Basi zimekwenda." Akafunga macho. "Utachukua muda gani kuziandika upya?"

Wazee wote walinitazama. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa programu analijua na ambalo yeye, kwa furaha ya mstari wake, alilisahau. Kazi yetu huhifadhiwa kwenye ghala linalotunza kila toleo, la jana na la juzi. Unachokifuta leo kinaondoka mezani, ghalani kipo. Kukirudisha unaandika amri moja.

"Mstari mmoja," nilimwambia.

Mwenyekiti wa wastaafu ndiye aliyeanza kucheka, na hakujua hata anacheka nini.

Tulizirudisha kanuni mchana huohuo, yeye amesimama nyuma yangu. Nikaongeza mambo mawili: bei inayoshindikana kusomeka isitupwe kimyakimya, iandikwe pembeni mtu aione, na nembo ya sarafu ing'olewe na nukta yake kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Breki nikairudisha mahali pake. Maduka yote yasiyo na nidhamu yakarudi na makelele yao, 9.800 ikasomeka elfu tisa na mia nane, na wastani wa mayai ukakaa pale ulipokuwa siku zote. Mkurugenzi alimpigia mkuu wa Mfuko. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ulikuwa mfupi: "Hapana mheshimiwa. Hapana. Nukta. Ndiyo, nukta." Kisha: "Unaweza kukataa, mheshimiwa, lakini wana vikapu, na anwani ya ofisi yako wameshaniomba."

Usidhani alitoka pale mtu mpya. Taarifa ya marekebisho ilisema kwamba ofisi, baada ya utafiti wa kina uliofanyika sokoni chini ya usimamizi wa Mkurugenzi mwenyewe, imeboresha mfumo wake. Redioni alihojiwa kuhusu umuhimu wa kushuka chini kwa wananchi. Mkataba wangu aliusaini, na nasikia ameagiza vikombe vipya. Ukiona vyaelea, vimeundwa, ila aliyeunda hapigwi picha. Nilikasirika siku mbili, nikaacha.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Ujumbe mpya wa Mfuko ulikuwa umefika, malipo yatabaki kama yalivyokuwa, tunaomba radhi kwa unafuu uliojitokeza. Dekio la shemeji lilikuwa limesimama nyuma ya mlango, limelowa. Kile kikombe changu cha pili alikuwa amekichukua zamani, na sasa kimekaa dirishani kimejaa vijiko, FUTA KILA imetazama ndani na WALA NUKTA imetazama barabarani.

Alinikaangia mayai mawili, akanisimamia hadi nikamaliza. Nikaosha sahani. Nikakaa. Nilitaka kukaa tu, nimtazame akizunguka nyumbani kwake, na nikamwambia hivyo, kwamba wiki ile nzima nilikuwa nimeshaanza kupanga godoro litakaa upande gani, na kwamba niliogopa.

"Mimi pia niliogopa," alisema.

Akaniacha niegemee bega lake kidogo, muda wa kutosha kwa mtu mwenye cheo. Kisha akasimama, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaushika wazi.

"Haya, nenda kwako sasa," alisema. "Hapa ni kwangu."